Dawa na Fedha Zihesabiwe Siku Moja

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo,
Kwa wajumbe wa Bodi za Afya za Halmashauri na Kamati za Usimamizi wa vituo vya huduma za afya

Nakala: Wakurugenzi Watendaji na Wakaguzi wa Ndani wa halmashauri zote mbili

YAH: UKAGUZI WA DAWA NA MAPATO YA UCHANGIAJI KATIKA HOSPITALI ZETU

Waheshimiwa,

Ndani ya kabrasha mnalogawiwa kabla ya kikao cha robo mwaka huwa kuna taarifa mbili za hospitali zisizojuana. Moja inatoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nayo inataja upatikanaji wa dawa muhimu kwa asilimia. Nyingine inatoka kwa Mweka Hazina, nayo inataja mapato ya papo kwa papo na ya bima kwa shilingi. Diwani anauliza swali kwenye ya kwanza, anajibiwa na mfamasia. Anauliza kwenye ya pili, anajibiwa na mhasibu. Sijawahi kuona swali linalowasimamisha wote wawili kwa pamoja: dawa zilizotoka stoo robo hii, zimeingiza shilingi ngapi, na zisizoingiza shilingi zilimfikia nani?

Nilifanya kazi ya ukaguzi wa ndani katika serikali za mitaa mpaka nilipostaafu, na sasa ninaishi Ngara. Ninachoomba ni kwamba ukaguzi wa dawa na ukaguzi wa mapato, katika hospitali zinazomilikiwa na halmashauri zetu, ufanywe kama kazi moja, siku moja, na watu walewale. Mkiutenganisha, kila upande unaweza kutoka safi huku hospitali inavuja.

Mambo haya mawili yalikuja pamoja. Mwaka 1993 ndio ilipotungwa Sheria Namba 13 iliyoanzisha Bohari ya Dawa, tuliyoizoea kwa jina la MSD, na ndio mwaka ambao serikali ilianza kutoza wananchi uchangiaji katika hospitali zake. Dawa zingenunuliwa na kusambazwa na chombo kimoja, mgonjwa angechangia, na mchango wake ungerudi kununua dawa nyingine. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 mzunguko huo umesogezwa karibu zaidi na wananchi, kwa sababu fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na hesabu zake zinafungwa kituoni kupitia mfumo wa FFARS. Maana yake ni kwamba mzunguko ukikatika, unakatikia ndani ya kuta za hospitali yenyewe, na walio karibu kuuona ni nyinyi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupitia halmashauri kila mwaka, lakini hupitia kwa sampuli: barabara, shule, mikopo ya asilimia kumi, mishahara, na hospitali katikati ya hayo. Hawezi kukaa wodini kuhesabu vichupa vya sindano. Mkaguzi wa ndani, ambaye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 imemweka kwa kazi ya namna hii, anaweza.

Nitaeleza kwa mfano wa dawa moja. Namba zote za mfano huu nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, si za hospitali yoyote. Dawa niliyoichagua ni seftriaksoni ya sindano ya gramu moja. Ina bei, inatumika kila wodi, mwenye duka la dawa mtaani anaipenda, na mgonjwa hupewa kwa siku kadhaa mfululizo. Dawa zenye tabia hizo nne ndizo za kuanzia. Kwa parasetamo ya vidonge mtapoteza muda bure.

Tuseme robo ya Januari hadi Machi ilianza na vichupa 420 stoo kuu. MSD ilileta 1,200. Baadaye MSD ilipoandika kwamba dawa hiyo haipo kwao, hospitali ilinunua 600 kwa mshitiri. Jumla 2,220. Mwisho wa robo mkaguzi akahesabu rafuni, akakuta 310. Kwa hiyo vichupa 1,910 vimetoka. Anafungua leja, anajumlisha hati za kutolea dawa kwenda dirishani, wodini na chumba cha upasuaji, anapata 1,910. Hakuna hata kimoja kilichopotea. Mkaguzi aliyetumwa kukagua dawa peke yake anaandika kwamba leja ya stoo inalingana na mali iliyopo, anafunga faili, anaondoka. Na amesema kweli.

Siku nyingine anakuja mwenzake wa mapato. Anachukua makusanyo ya mfumo wa GoTHOMIS, anayalinganisha na malipo yaliyopita GePG na taarifa ya benki, anakuta yanalingana mpaka shilingi ya mwisho. Naye anaandika kweli. Waheshimiwa mnapokea taarifa mbili safi, na mama aliyelazwa bado anaandikiwa karatasi akanunue seftriaksoni nje ya geti.

Sasa wawekeni wakaguzi hao meza moja. Dirishani na wodini robo ilianza na vichupa 90 vilivyobaki, vikaingia 1,910 kutoka stoo, vikabaki 70. Vilivyotumika ni 1,930. Kila kichupa kati ya hivyo lazima kiwe kimeangukia sehemu moja kati ya nne: kimelipiwa fedha taslimu, kimeombewa malipo bima, kimetolewa kwa msamaha, au kimeharibika kwa hati iliyosainiwa. Mfumo unaonyesha 640 vililipiwa, 410 viliingizwa kwenye madai ya bima, 520 vilitolewa kwa msamaha, na hati za uharibifu zina 12. Jumla 1,582. Vichupa 348 vimetoka stoo kihalali kabisa, kwa hati na saini, halafu havikufika popote. Kama bei ya hospitali ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 1,044,000 za dawa moja kwa miezi mitatu.

Hapa ndipo naomba subira, kwa sababu nimeona madiwani wakisimamisha mtu kazi kwa hesabu ya namna hii kabla haijakamilika. Pengo la 348 si wizi wa 348. Mgonjwa wa dharura huletwa saa nane usiku, muuguzi anachoma sindano kwanza, na asubuhi zamu inabadilika bila mtu kukumbuka kuingiza dozi ile kwenye mfumo. Dawa imemfikia mgonjwa, fedha haikudaiwa. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la aina nyingine, na dawa yake si TAKUKURU.

Ili kutenganisha hayo mawili, mkaguzi huchukua mafaili ya wagonjwa waliolazwa. Anachagua mwenyewe kutoka kwenye rejesta ya wodi, haletewi. Tuseme amechukua mafaili 30. Kwenye chati za dawa anahesabu saini za wauguzi: dozi 168 zimechomwa. Anaingia kwenye mfumo, mgonjwa mmoja mmoja, anakuta dozi 153 zimeingizwa, iwe kwa fedha, bima au msamaha. Kwa hiyo kwa kila dozi 153 zilizoonekana, 15 zilimfikia mgonjwa bila kuonekana. Dozi zilizoonekana robo nzima, ukiacha zilizoharibika, ni 1,570. Kwa uwiano huo, zilizosahaulika ni kama 154. Ukizitoa kwenye 348 unabaki na vichupa 194 ambavyo uzembe wa kuingiza kumbukumbu hauwezi kuvieleza.

Makadirio ya mafaili 30 yana mipaka yake, na mkaguzi mwaminifu ataisema. Faili lisilopatikana lisibadilishwe kwa jingine. Liandikwe kwamba halikupatikana, kwa kuwa mara nyingi yaliyopotea ndiyo yenye habari. Tena saini ya muuguzi kwenye chati si ushahidi kwamba sindano ilichomwa. Nimewahi kuona chati ambayo dozi ya saa kumi na mbili jioni imesainiwa kwa mgonjwa aliyeruhusiwa saa sita mchana. Ndiyo maana tarehe na saa ya kuruhusiwa husomwa pamoja na chati.

Dawa na fedha zake huvujaje? Njia ninazozijua ni chache na zinajirudia, nami nitaeleza mbili zenye kuumiza zaidi.

Ya kwanza ni cheti chenye alama ya O/S. Mgonjwa anafika dirishani, anaambiwa dawa haipo, cheti kinagongwa O/S, ndugu anakwenda kununua mtaani. Wakati mwingine ni kweli dawa haipo. Namna ya kujua ni rahisi kiasi kwamba mjumbe yeyote wa Kamati ya Usimamizi anaiweza. Kusanyeni vyeti vyote vyenye alama hiyo vya wiki moja, au chukueni orodha yake kwenye mfumo. Kwa kila cheti angalieni tarehe, kisha fungueni leja na kadi ya rafu, ile inayoning'inia kwenye boksi, msome salio la siku hiyo. Mkikuta siku ambayo kadi inasema vilikuwepo vichupa 300 na wagonjwa kumi na wanne walielekezwa nje, mna swali lenye tarehe, na mwenye kujibu hawezi kuwapeleka kwenye uhaba wa MSD.

Huwa nashauri pia kuitazama kadi yenyewe kama kitu, kabla ya kusoma namba. Kadi iliyojazwa kila siku huwa chafu. Ina kalamu ya bluu, halafu nyeusi, halafu ya mtu wa zamu ya Jumapili mwenye mwandiko mbovu, na pembeni kuna alama za vidole. Kadi ya miezi mitatu yenye wino mmoja na mwandiko mmoja uliopangika imeandikwa siku moja, na aghalabu siku hiyo ni ile kabla ya ukaguzi. Na leja ambayo haijawahi kuwa na tofauti hata ya kichupa kimoja kila ilipohesabiwa inanitia shaka kuliko yenye tofauti ndogo zilizoandikwa na kuelezwa. Watu wanaohesabu kweli hukosea kwa viwili vitatu, kisha hurekebisha.

Njia ya pili ni msamaha, na hapa ndipo upande wa fedha na upande wa dawa hukutana. Sera yetu inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea, na wagonjwa wa magonjwa kama kifua kikuu na Ukimwi. Wengine wasio na uwezo hupitishwa na afisa ustawi wa jamii. Sera hiyo ni ya haki na sitaki mtu aitumie barua hii kuwanyima wanaostahili. Lakini kwa mtu mwenye nia mbaya dirishani, msamaha ni mlango mzuri: anapokea fedha mkononi kutoka kwa mgonjwa, anamwambia asubiri risiti, baadaye anabadilisha ankara kuwa ya msamaha. Dawa inaonekana imetolewa, mfumo unaridhika, benki inalingana kwa sababu fedha ile haikuingia kabisa. Hata hesabu yangu ya sehemu nne haiwezi kumkamata, maana kichupa kimeangukia kwenye sehemu ya tatu.

Kwa hiyo vile vichupa 520 vya msamaha lazima vikaguliwe vyenyewe. Ombeni orodha yenye jina la aliyeingiza, saa ya ankara kufunguliwa na saa ya msamaha kuingizwa. Msamaha wa kweli huamuliwa mapema, mgonjwa anapoandikishwa au anapopita ustawi wa jamii. Mkiona misamaha ya mchana kutwa imeingizwa yote kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na mtu mmoja, ulizeni. Linganisheni na umri: mfumo wenyewe utawaonyesha mtoto chini ya miaka mitano mwenye umri wa miaka 34. Linganisheni na jinsia: mjamzito mwanaume. Hamtaamini mambo haya hupatikana mara ngapi, kwa sababu anayebadilisha ankara kwa haraka huchagua sababu ya kwanza kwenye orodha. Kisha angalieni nani ana ruhusa ya kufuta ankara na kutoa msamaha. Keshia anayepokea fedha hapaswi kuwa na ruhusa hiyo. Na kama namba ya siri ya afisa ustawi wa jamii inajulikana na dirisha zima, ruhusa mmegawa kwa wote.

Njia ya kawaida ya kuthibitisha ni kuwapigia simu baadhi ya waliosamehewa na kuwauliza kama walilipa. Kwetu njia hii ina tundu, nami nalitaja kwa sababu ni letu hasa. Hospitali za Ngara zinatibu watu wanaovuka Rusumo na Kabanga. Biharamulo ina Lusahunga, na pale hupita madereva na matingo wa malori yanayokwenda na kutoka Rwanda na Burundi. Mgonjwa wa njiani hana bima yetu, hana ndugu kwenye kamati, hulipa taslimu ili aondoke, na kesho namba yake ya simu haipatikani. Hakuna atakayerudi kuuliza risiti yake iko wapi. Mapato yake ndiyo rahisi kupotea kuliko yote, na misamaha iliyoandikwa kwa jina lake ndiyo ya kuchunguza kwanza, kwa kuwa mtu wa nje hupata msamaha kwa sababu maalumu tu, na sababu hiyo lazima iwe na karatasi.

Kuna siku ambazo keshia husema mtandao ulikuwa chini, kwa hiyo alitumia kitabu cha risiti. Inatokea, na tunaoishi huku tunajua. Lakini siku hiyo huacha alama. Ombeni orodha ya namba za malipo zilizotolewa hospitalini siku hiyo kwa saa. Kama saa nne hadi saa saba zilitolewa namba tisa kwa vipimo vya maabara, basi njia ilikuwepo, na vitabu vya risiti vya dirisha la dawa vya saa hizohizo vinahitaji maelezo. Vitabu vyenyewe vihesabiwe kwa mfuatano wa namba kuanzia kile kilichotolewa na Mweka Hazina. Kitabu kinachokosekana ni hoja kubwa kuliko risiti iliyokosewa.

Sasa kuhusu kuhesabu kwenyewe, ambako kazi nyingi nzuri huharibikia. Kila mtu hospitalini anajua kwamba hesabu ya mali hufanyika Juni 30. Stoo hupangwa, leja husafishwa, na dawa zinazokosekana huazimwa kituo cha afya jirani kwa siku mbili. Ukaguzi ninaouomba uwe wa kushtukiza, katikati ya wiki, katikati ya robo. Mkaguzi akifika, jambo la kwanza ni kuandika namba ya hati ya mwisho ya kupokelea na ya mwisho ya kutolea, na kuzisaini yeye pamoja na mtunza stoo. Bila hivyo, upungufu wowote utajibiwa kesho yake kwa hati iliyoandikwa usiku. Halafu stoo kuu, dirisha la dawa, wodi zote, chumba cha upasuaji na sanduku la keshia vihesabiwe saa zilezile. Ukihesabu stoo asubuhi na wodi alasiri, maboksi yana miguu. Ukihesabu dawa Jumatatu na fedha Jumatano, fedha nazo zinayo.

Boksi lifunguliwe. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda vilinganishwe na hati ya MSD, kwa sababu kuna upungufu ambao hufichwa kwa kujaza dawa iliyonunuliwa mtaani au iliyokwisha muda. Dawa za mshitiri ziangaliwe kwa jicho la pekee. Mfumo wa mshitiri ulianza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 kisha ukasambazwa nchini, na umetusaidia sana pale MSD inapokosa. Lakini dawa zake haziji na lori la serikali. Huja kwa gari dogo, na ankara yake hulipwa kwa fedha za kituo. Kwenye mfano wangu, mtu angeacha vile vichupa 600 bila kuviandika kwenye leja, hesabu ya stoo ingelingana vizuri tu. Ungelinganisha kilichoandikwa na kilichopo, na vyote viwili vingekosa vilevile. Kinga yake ni kuanzia kwenye malipo: chukueni kila hundi au malipo ya FFARS kwenda kwa mshitiri, mfuate dawa mpaka kwenye leja, siyo leja kwenda kwenye malipo.

Kwa sababu hiyohiyo taarifa ya MSD isiletwe na hospitali. Kila kituo kina akaunti MSD, yenye fedha zilizoingizwa na dawa zilizotolewa. Mkurugenzi aiandikie barua bohari ya Muleba, taarifa hiyo ije moja kwa moja kwa mkaguzi. Ushahidi uliopita mikononi mwa anayekaguliwa una thamani ndogo, hata kama ni mwaminifu. Misaada nayo isisahaulike. Ngara ndiyo wilaya iliyopokea wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni kwa siku moja na ushei mwishoni mwa Aprili 1994, na tangu hapo tumezoea dawa zinazoletwa na mashirika. Msaada ukiingia stoo unaingia leja. Kama hauna bei ya kuuza, basi usionekane kwenye makusanyo. Dawa mseto ya malaria ya serikali ni mfano mzuri: haina malipo, hivyo risiti yoyote inayoitaja ni hoja papo hapo.

Waheshimiwa wajumbe wa kamati za usimamizi, ninyi mnaitwa kushuhudia dawa zinapopokelewa. Wengi mnasaini ukurasa wa mwisho wakati maboksi yako bado kwenye lori, mara nyingi jioni, dereva akiwa na haraka ya kuwahi kituo kingine. Saini yenu ndiyo mwanzo wa hesabu yote niliyoieleza. Kama ni vichupa 1,200 na mmepokea 1,150, mtunza stoo atabebeshwa 50 ambavyo hakuvipata, au ataviokoa kwa kuandika hati ya uongo ya kutolea, na kuanzia hapo leja haiaminiki tena. Dereva asubiri.

Sasa maombi yangu. Kamati za Fedha, Uongozi na Mipango za halmashauri zote mbili ziagize, kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha, ukaguzi wa pamoja wa dawa tano tu katika hospitali ya wilaya: seftriaksoni, dawa moja ya shinikizo la damu, dawa moja ya kisukari, maji ya dripu na glovu za upasuaji. Tano zinatosha. Mkitaka orodha nzima ya dawa, mtapata taarifa nene isiyosomwa. Taarifa ya kila dawa iwe ukurasa mmoja wenye mstari wa kilichoingia, kilichotoka, sehemu nne kilipoangukia, na pengo.

Ombi la pili litawachekesha wengine, lakini nalipenda kuliko la kwanza: mbadilishane wakaguzi. Mkaguzi wa Ndani wa Ngara akahesabu Biharamulo, wa Biharamulo aje Ngara. Njia ni ileile ya Benako, Nyakahura na Lusahunga tunayoipita kila siku, na posho ya siku nne haifiki thamani ya pengo la dawa moja kwenye mfano wangu. Mkaguzi wetu anakula na mganga mfawidhi kantini moja, watoto wao wanasoma shule moja, na mkewe amejifungulia hospitali anayoikagua. Simshutumu kwa hilo. Katika mji mdogo hakuna namna nyingine ya kuishi. Lakini mgeni anafungua boksi la tatu ambalo mwenyeji angeona haya kulifungua. Mipango ya namna hii inahitaji makubaliano ya wakurugenzi wawili, na Sekretarieti ya Mkoa Bukoba inaweza kuisimamia.

Pengo litakapopatikana, naomba lianze kuwa hoja ya ukaguzi kabla halijawa tuhuma. Mtunza stoo, mfamasia, muuguzi kiongozi wa wodi na keshia wapewe ukurasa uleule mmoja, wajibu kwa maandishi, kila mmoja kwa sehemu yake. Mara nyingi majibu yao yatagongana, na mnapoyasoma pamoja ndipo mtajua vichupa vilipinda kona gani. Kinachobaki bila jibu ndicho kiende TAKUKURU, kikiwa na tarehe, namba za hati na majina ya walioingia kwenye mfumo.

Barua ya kwenda MSD Muleba itangulie yote. Ikichelewa mpaka hospitali ipate fununu, siku ya kuhesabu stoo itakuwa imeshapangwa vizuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkaguzi wa ndani mstaafu,
Ngara, Kagera